Kabla hujapakia video ya harusi YouTube

Video iking'aa kwenye kompyuta yako bado si hiyo atakayoiona mtazamaji. YouTube hulipokea faili, hulifungua, kisha hulibana upya katika saizi kadhaa, na kila saizi hupewa kiasi chake cha data. Huwezi kuizuia isibane. Unachoweza ni kuipa picha ambayo ni rahisi kubanwa, na kazi hiyo hufanyika kabla ya kupakia.

Tuchukue klipu ya dakika 10 ya maharusi wakiingia ukumbini usiku: imepigwa kwa 1080p, fremu 25 kwa sekunde, taa hafifu, gauni la shanga zinazomeremeta, na nyuma yao pazia la rangi ya maziwa.

Anza na pazia. Kamera ikiongezewa ISO gizani huleta chenga, yaani vijidoa vinavyochezacheza hata mahali palipotulia. Mashine ya kubana huokoa data kwa kulinganisha fremu na fremu: kisichobadilika hakiandikwi tena. Kwake chenga ni mabadiliko yasiyokwisha, hivyo data huliwa na pazia huku uso wa bibi harusi ukikosa. Matokeo utayatambua mara moja: pazia linatambaa vijisanduku na ngozi inakuwa laini kama nta. Kwa hiyo punguza chenga kwanza, lakini kwa kiasi. Kuza picha hadi asilimia 200, tazama pazia, kisha tazama nyusi na shanga. Pazia likitulia na nyusi zikabaki nyusi, ishia hapo.

La pili ni saizi. Video ya 1080p kutoka kwenye chaneli ndogo mara nyingi hubanwa kwa kodeki, yaani mbinu ya kubana, ya zamani, H.264, na kwa data kidogo. Ya 1440p kwenda juu hubanwa kwa VP9, inayotunza picha vizuri zaidi, na hupewa data nyingi zaidi. Ndiyo maana inafaa kuikuza klipu yetu hadi 2560 kwa 1440 kabla ya kuipakia. Kukuza hakuongezi undani ambao kamera haikuunasa. Kunakupatia tu ubanaji bora. Anayetazama kwa 360p kwenye simu ili aokoe bando hataona tofauti kubwa. Yeye atanufaika zaidi na kule kupunguza chenga, na mimi nikilazimika kuchagua moja kati ya hizi mbili, nachagua hiyo.

Fanya yote mawili kwa mkupuo mmoja, kutoka faili kubwa ulilolitoa kwenye programu ya kuhariri. Usitumie kamwe nakala iliyopita WhatsApp, maana hiyo imeshabanwa na vijisanduku vyake vitabanwa tena kana kwamba ni sehemu ya picha. Kwa ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri, amri ni hii:

```
ffmpeg -i harusi.mov \
 -vf "hqdn3d=2:2:5:5,scale=2560:1440:flags=lanczos" \
 -c:v libx264 -preset slow -crf 16 -pix_fmt yuv420p \
 -c:a aac -b:a 384k -ar 48000 \
 -movflags +faststart harusi_1440.mp4
```

Chenga zinapunguzwa na `hqdn3d` kabla ya `scale` kukuza, la sivyo zitakuzwa nazo. Namba ya `crf` ikishuka, ubora na uzito wa faili hupanda. Fremu ziache 25 kama zilivyopigwa. Ukizigeuza kuwa 30, baadhi zitarudiwa na mwendo wa maharusi utagugumia.

Kuhusu bando: YouTube yenyewe hupendekeza megabiti 16 kwa sekunde kwa 1440p ya fremu kama hizi. Kwa dakika 10 hiyo ni kama gigabaiti 1.2, na faili la amri hii linaweza kuzidi hapo. Likikushinda, panda hadi `crf` 18 badala ya kurudi 1080p.

Majina ya maharusi yaandike kwa herufi nene, nyeupe. Maandishi mekundu juu ya giza huchuja kingo, kwa sababu rangi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha, wakati mwanga huhifadhiwa wote.

Mwisho, pakia ikiwa ya faragha, usiwape ndugu kiungo bado. Mwanzoni huonekana saizi za chini tu, na wengi huhukumu video hapo. Saizi ya 1440p ikitokea, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video, chagua `Stats for nerds`, usome mstari wa `Codecs`. Ukiona `vp09`, yaani VP9, au `av01`, kodeki mpya zaidi, ndicho ulichokuwa unakitafuta; ukiona `avc1`, yaani H.264, subiri kwanza. Kisha nenda kwenye pazia na ulitazame tena. Likiwa bado linatambaa, ongeza kidogo namba za `hqdn3d`, utoe faili jipya na uipakie upya kama video nyingine, kwa kuwa YouTube hairuhusu kubadilisha faili chini ya kiungo kilekile.