Kutibu kisima na kusafisha nyumba baada ya mafuriko

Katika miaka yangu ya kuchimba na kutibu visima Kasese, magharibi mwa Uganda, ambako Mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013 na tena 2020, nimeona kosa moja likirudiwa: mtu humimina chupa ya dawa ndani ya kisima chenye maji ya kahawia, kisha huanza kuchota. Tope huimaliza nguvu klorini kabla haijaua vimelea.

Hatua ya kwanza ni umeme. Usiguse swichi kuu ukiwa umesimama majini. Liombe shirika la umeme likate kutoka kwenye nguzo. Wenye sola wakumbuke kwamba paneli huendelea kutoa umeme maadamu jua linawaka.

Hatua ya pili ni chakula. Unga, maharagwe na mihogo mikavu iliyolowa maji ya mafuriko itupwe, hata ikianikwa ikakauka. Makopo yasiyobonyea wala kuvimba huokolewa kwa kubandua karatasi, kuyaosha kwa sabuni na kuyatia dawa.

Hatua ya tatu ni kisima chenyewe. Subiri maji ya ardhini yashuke, kwa maana ukikikausha kisima haraka ilhali udongo umeloa, kuta zinaweza kubomoka. Kisha toa maji na tope, na usugue kuta. Pampu ya petroli isishushwe kisimani, na mtu asiingie ikiwa inanguruma karibu na mdomo wa kisima, kwani moshi wa pampu huua bila onyo.

Maji safi yakijaa tena, yapime. Kisima cha juzi kilikuwa na upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha mita 2.5. Nusu ya upana ni 0.6; 0.6 mara 0.6 mara 3.14 mara 2.5 ni takriban mita za ujazo 2.8, yaani lita 2,800. Kwa dawa ya kufulia isiyo na manukato, yenye klorini asilimia 3.5, mimi hutia lita 3 kwa kila lita 1,000, hivyo tulitumia lita 8 na nusu. Koroga kwa ndoo, funika, na mtu asichote kwa saa 12 hadi 24. Harufu ikipotea kabla ya hapo, uchafu bado upo: rudia.

Baadaye toa maji hadi harufu iishe, na uendelee kuchemsha ya kunywa mpaka maabara ithibitishe usalama wake. Klorini haiondoi petroli, wala madini yanayosombwa kutoka kwenye mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, na choo cha shimo kilicho karibu kitakichafua kisima upya.

Mwisho ni vyumba. Fungua madirisha, osha sakafu na kuta kwa sabuni, kisha zipake dawa ileile, mililita 250 katika jerikeni la lita 20, bila kuichanganya na dawa nyingine ya usafi. Maji ya klorini yaliyotolewa kisimani yanafaa kusuuzia tope tu. Hayana ukali wa kutosha kutakasa sakafu.