Kipimo cha Sabuni ya Unga kwa Anayefua kwa Ndoo

Wateja wangu hapa Ngamiani, Tanga, huniletea kanzu ambazo kola zake zimekakamaa na buibui zenye michirizi myeupe, wakidhani kuwa nguo zimechakaa. Mara nyingi tatizo ni sabuni iliyobaki ndani ya uzi. Masalia hayo hunasa vumbi na kufifisha rangi, na kwa kuwa sabuni ya unga ina magadi, jasho likiyalowanisha huiwasha ngozi, hasa shingoni na kwapani.

Kwanza, jaribu nguo iliyokwisha kukauka. Itumbukize katika maji safi ya vuguvugu bila sabuni, uichezeshe kwa mkono. Maji yakiteleza au yakitoa povu, sabuni imebaki.

Pili, pima. Fuata kipimo cha pakiti, na kisipokuwapo anza na vijiko viwili vya chakula, vilivyosawazishwa kwa kisu, kwa ndoo ya lita 10. Koroga mpaka unga uyeyuke wote ndipo uingize nguo. Maji ya kisima cha mwambao, ambayo hupita katika mawe ya matumbawe, huwa na chokaa inayopunguza nguvu ya sabuni, kwa hiyo huenda ukahitaji kijiko cha tatu. Usiamue kwa wingi wa povu, kwa sababu povu zito huzuia nguo isisuguane vizuri, ilhali uchafu huondolewa pia na msuguano.

Tatu, suuza, na hapa ndipo wengi huharibu. Chukua mfano wa kanzu sita zilizofuliwa kwa vijiko sita katika lita 10. Kila kanzu iliyokamuliwa ikibaki na nusu lita ya maji, hubeba karibu theluthi ya kijiko cha sabuni. Ukizisuuza zote, moja baada ya nyingine, katika ndoo moja ya lita 10, kanzu ya sita inapoingia maji yale yana takriban kijiko kimoja na nusu, yaani yamekaribia kuwa maji ya kufulia. Kwa vijiko viwili, yangekuwa na nusu kijiko tu. Kwa hiyo kamua kwa nguvu kabla ya kusuuza, badilisha maji kila baada ya nguo mbili au tatu, na usuuze tena katika maji mapya.

Nguo iliyokwisha kushika masalia iloweke katika maji ya vuguvugu matupu kwa nusu saa, ikamue, kisha rudia mpaka maji yasiteleze. Ikiwa imekakamaa kwa chokaa ya kisima, tia nusu kikombe cha siki nyeupe katika ndoo ya mwisho, lakini kamwe usiichanganye na dawa ya klorini ya kung'arishia, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu.

Muwasho ukiendelea hata baada ya jaribio la kwanza kutoonyesha povu wala utelezi, chanzo chaweza kuwa manukato ya sabuni au ugonjwa wa ngozi, na hapo mwone daktari.