Unatupwa nje ya gemu yako mwenyewe kila dogo akicheza? Rekebisha hivi kwenye Xbox

Hii inawachanganya wengi: gemu umenunua wewe, akaunti ni yako, alafu uko katikati ya mechi unaona ujumbe kwamba umetolewa kwa sababu umeingia kwenye Xbox nyingine. Ukienda kuangalia ni dogo kawasha konsoli ya chumbani kwake. Watu wanadhani leseni inagombaniwa, kumbe leseni haina shida kabisa, kinachogombaniwa ni profaili yako.

Iko hivi. Ukinunua gemu ya kudownload, Xbox inakupa haki ya kucheza kwa njia mbili. Ya kwanza inafuata konsoli, ile uliyoiweka kama "home Xbox", na hapo mtu yeyote mwenye profaili yake anafungua gemu zako, hata wewe ukiwa hujaingia na hata neti ikiwa haipo. Ya pili inakufuata wewe, yaani ukiingia na profaili yako konsoli yoyote gemu zinafunguka, ila hapo mashine inauliza sava kwanza. Na profaili moja haikai konsoli mbili kwa wakati mmoja, ukiingia ya pili ya kwanza inakutema.

Sasa chukua mfano. Konsoli A ni yako na ndo home. Konsoli B ni ya dogo. Dogo akifungua gemu yako kwenye B na profaili yake, inakataa na kumuuliza kama anaimiliki, kwa hiyo anaingiza profaili yako ili ifunguke, na sekunde hiyohiyo wewe kwenye A uko nje. Umeona tatizo? Home imekaa kwa mtu ambaye haihitaji. Wewe mwenye profaili unaweza kucheza popote, anayehitaji haki ya konsoli ni dogo. Zibadilishane tu.

Hatua ya 1. Save gemu yako kwenye A na utoke kabisa, maana utakapoingia B utatolewa A, hii mara moja haikwepeki.

Hatua ya 2. Nenda kwenye B, ingia na profaili yako wewe mwenyewe, bonyeza kitufe cha Xbox alafu fuata njia hii:

```
Profile & system > Settings > General > Personalization > My home Xbox
```

Chagua "Make this my home Xbox". A inaacha kuwa home yenyewe, huna haja ya kwenda kuitoa. Ila usichezeechezee hapa, unaruhusiwa kubadili mara 5 tu kwa mwaka. Mimi siku ya kwanza nilihamisha huku na huku nikijaribu nikamaliza 3 ndani ya saa moja, ujinga wangu.

Hatua ya 3. Bado uko B, nenda Settings > Account > Sign-in, security & PIN na uweke "Ask for my PIN". Hatua hii watu wanairuka alafu wanalalamika bado wanatolewa. Dogo akizoea kuchagua jina lako pale mwanzoni, home haitakusaidia kitu, atakutoa vilevile. PIN usimpe, hata akililia. Ukimaliza toka kwenye profaili yako, usiifute kwenye konsoli.

Hatua ya 4. Pima. Dogo aingie B na profaili yake peke yake, afungue gemu yako. Ikifunguka, mwambie aende Settings > General > Network settings, achague "Go offline", afungue tena. Ikifunguka bila neti basi konsoli ina leseni yake kweli, arudishe neti. Ikikuuliza kama unamiliki gemu, home haijashika, rudi hatua ya 2 uhakikishe uliingia na akaunti iliyonunua, maana wenye akaunti mbili wanakosea hapa sana.

Hatua ya 5. Rudi A, ingia na profaili yako, fungua gemu hiyohiyo wakati dogo anacheza. Mnacheza wote wawili, hata mkitaka kukutana kwenye mechi moja mtandaoni, kila mtu na profaili yake.

Gharama ya mpango huu inakuja kwako sio kwa dogo: A sio home tena, kwa hiyo neti ikikatika gemu zako za kudownload hazifunguki wakati yeye anaendelea kama kawaida. Ukiona gemu zako zimegoma na za dogo zinafunguka, angalia neti yako kwanza kabla ya kumlaumu mtu. Kama neti ya kwako ndo mbovu zaidi, fikiria mara mbili kabla ya kubadili. Gemu za diski hazihusiki na haya yote, mwenye diski ndo anacheza. Sarafu za ndani ya gemu nazo zinabaki kwa aliyenunua. Na konsoli ya tatu haina nafasi, binamu akileta yake atarudi kuomba profaili yako na mtaanza kutoana upya.