Kupanua seva kwa wima, kwa mlalo, na maana ya unyumbufu

Tuseme tovuti ya matokeo ya mtihani inaendeshwa na seva moja yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Ukiiongezea kumbukumbu hadi gigabaiti 16, umeipanua kwa wima: programu haibadiliki, lakini kwa kawaida seva hulazimika kuzimwa kwanza, na kila mashine ina kikomo chake. Ukiweka seva 4 za namna ileile nyuma ya kisawazishi kinachozigawia maombi, umepanua kwa mlalo, na moja ikizimika nyingine huendelea. Tahadhari tu kwamba taarifa za kuingia zikihifadhiwa ndani ya seva moja, mtumiaji anayepelekwa kwenye seva nyingine ataambiwa aingie upya. Zihifadhi mahali pa pamoja.

Upanukaji ni uwezo wa mfumo kukua mzigo unapoongezeka, hata kama fundi ndiye anayeongeza seva kwa mkono. Unyumbufu ni mfumo kujiongezea seva wenyewe siku ya matokeo na, jambo ambalo wengi husahau, kuzipunguza umati ukishatawanyika, ili usilipie mashine zisizo na kazi. Hata hivyo seva mpya huchukua muda kuwaka, kwa hiyo saa ya kutangaza ikijulikana, ziongeze mapema.