Pikipiki ya mkataba: hakikisha mwenye kadi kabla hujaanza kupeleka hesabu

Wakuu, mi naendesha boda hapa Dodoma, kijiwe cha Nkuhungu, na hii naandika sababu ilinikuta. Nilichukua Boksa ya mkataba, elfu 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, nikimaliza nakabidhiwa kadi. Mwezi wa 7 akaja mtu na askari ana kadi orijino, pikipiki ni yake, alimpa bosi wangu aisimamie tu. Milioni 1 na laki 8 na 20 zikaondoka hivo.

Kilichoniponza, nililinganisha namba nikaridhika. Chesesi ilikuwa sawa, injini sawa, pleti sawa! Mjanja hagusi namba, anachukua kadi halali anabadilisha jina tu, anatoa kopi ya rangi, anailamineti. Kwahiyo namba kufanana haikuambii nani mwenye mali.

Sasa fanya hivi. Kwanza omba kadi yenyewe, sio picha ya wasap. Chesesi iko kwenye shingo ya usukani, ifute matope kwa kitambaa chenye mafuta, weka karatasi juu, sugua na penseli, herufi zinatokea zenyewe. Soma moja moja na kadi. Ukiona chuma kimepigwa msasa au namba zimepinda kama zimegongwa kwa mkono, achana nayo.

Pili, na hapa ndo penyewe, mwambie bosi twende wote TRA na kadi na kitambulisho chake cha NIDA, waangalie kwenye mfumo chombo kimesajiliwa kwa jina la nani. Usiende peke yako maana taarifa za mtu mwingine wanaweza wasikupe. Bosi wa kweli atalalamika foleni lakini ataenda, yule wa magumashi atakwambia kadi iko kwa mke wake Singida, mara we dogo huniamini. Usitoe hata mia mpaka mmetoka pale.

Jina likija la kampuni au benki sio lazima iwe wizi, inaweza kuwa bado ina mkopo, ila hapo bosi hawezi kukuhamishia mpaka deni liishe, na akiacha kulipa inakamatwa ukiwa juu yake. Nenda kwa huyo mkopeshaji, akuandikie kama anaujua mkataba wako na deni limebaki sh ngapi.

Tatu, hesabu lipa kwa simu, usitoe keshi. Kabla hujaweka namba ya siri jina linatokea, lifanane na la kwenye kadi. Langu lilikuwa linatokea jina la mwanamke, nikaambiwa ni laini ya dada yake, nami nikaendelea kutuma.

Mkataba uandike chesesi, injini, jumla ya pesa, na siku mtakayoenda TRA kubadilisha umiliki ukimaliza. Sainini kwa mwanasheria au mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mesej za malipo usifute hata moja.