Ukingo Uliopotea: Jinsi Nilivyofundishwa Kusoma Eksirei ya Kifua

Eksirei ya kwanza niliyoisoma peke yangu ilikuwa ya mwanamume wa miaka 54, mvutaji sigara, aliyekuwa na homa na kikohozi kwa siku tano. Nilikuwa nimempima asubuhi hiyo. Niliweka stetoskopu mgongoni mwake pande zote mbili, nikasikia pumzi safi, nikaandika kwenye faili kwamba mapafu hayana shida. Mchana daktari wa eksirei aliyekuwa akitufundisha akaitundika filamu kwenye boksi la taa, akavuta viti viwili, akaniambia nikae.

Niliona weupe hafifu upande wa kulia, chini. Nikasema papo hapo, "Nimonia, Daktari. Sehemu ya chini ya pafu la kulia."

Hakukubali wala kukataa. Alizima taa ya boksi. "Tutaanza upya, mwanangu. Jina la ugonjwa litakuja mwisho."

Nawaandikia hatua alizonipitisha siku hiyo. Sisi tulitumia filamu, lakini kwenye skrini mambo ni yale yale.

Hatua ya 1: Hakikisha picha ni ya nani, na kulia ni wapi

Soma jina, tarehe na alama ya upande. Picha huwekwa kana kwamba mgonjwa amesimama akikutazama, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako. Tafuta herufi R au L. Usitegemee moyo kukuonyesha kushoto, maana wapo watu wachache ambao moyo wao umelalia kulia, na filamu nayo huweza kuwekwa kinyume.

Hatua ya 2: Pima ubora wa picha kabla ya kupima mapafu

Aliniuliza maswali manne, na kila moja alinisubiri nijibu kwa kugusa filamu kwa kidole.

Miale imepita wapi? Picha ya PA hupigwa mgonjwa akiwa amesimama, kifua kimegusa ubao, miale ikiingia kwa mgongoni kutoka umbali wa takriban sentimita 180. Ya AP huingilia mbele, mara nyingi kwa mgonjwa aliyelala kitandani, na moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Yetu ilikuwa PA.

Mgonjwa amesimama sawa? Tazama ncha za ndani za mitulinga miwili na ule mstari wa vijiti vya uti wa mgongo katikati. Umbali ukilingana pande zote mbili, hajageuka. Akiwa amegeuka, pafu moja huonekana jeusi kuliko jingine na kingo za moyo huhama, nawe utatafuta ugonjwa usiokuwepo.

Amevuta pumzi ya kutosha? Hesabu mbavu za mbele, zile zinazoteremka kwa mshazari. Ubavu wa sita hivi ukikutana na kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, katikati ya pafu, inatosha. Pumzi ikiwa fupi, sehemu za chini za mapafu hujibana na kuonekana nyeupe. Mimi nilihesabu mara mbili, maana mara ya kwanza niliruka ubavu wa kwanza uliojificha nyuma ya mtulinga.

Mwisho, mwanga: pingili za mgongo zionekane kwa mbali nyuma ya moyo. Zilionekana.

Hatua ya 3: Fuata kila ukingo kwa kalamu

Hapa ndipo alipokaa nami karibu nusu saa, na hapa ndipo nami huwakalisha wanafunzi wangu. Alibandika karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga juu ya filamu, akanipa kalamu. "Chora unachokiona tu. Usichore unachojua kwamba kipo."

Nilianza na bomba la hewa: limenyooka katikati. Nikashuka ukingo wa kushoto wa moyo hadi kwenye ncha yake, wino haukusita. Kiwambo cha kushoto, safi. Kiwambo cha kulia kilikuwa juu kidogo ya cha kushoto, na hiyo ni kawaida, nacho kilikuwa mstari mkali kama umekatwa kwa wembe. Pembe zote mbili ambapo kiwambo hukutana na mbavu zilikuwa zimechongoka. Laiti zingekuwa butu, tungefikiria majimaji, ingawa mgonjwa akiwa amesimama huhitajika takriban mililita 200 kabla pembe hizo hazijajaa.

Kisha ukingo wa kulia wa moyo. Niliushika kwa juu, nikashuka sentimita chache, kalamu ikasimama. Ukingo ulikuwa umeyeyuka ndani ya ule weupe. Mkono wangu ulitaka kuendelea, kwa sababu nilijua moyo unapaswa kupita pale. Aliushika kwa upole. "Unauona?"

"Hapana, Daktari."

"Basi acha pengo."

Hatua ya 4: Uliza kwa nini ukingo umepotea

Ukingo wa moyo huonekana kwa sababu hewa nyeusi ya pafu imegusana na moyo mweupe. Hewa hiyo ikibadilishwa na usaha au majimaji, weupe unagusana na weupe, na mpaka unatoweka. Kwa hiyo ukingo uliopotea hukuonyesha ni sehemu gani ya pafu inayougua, yaani ile inayogusana nao.

Pafu la kulia lina sehemu tatu. Ya kati imelalia ukingo wa kulia wa moyo. Ya chini imekaa nyuma, juu ya kiwambo. Akanirudisha kwenye mchoro wangu mwenyewe: kiwambo cha kulia nilikuwa nimekichora chote bila kukatika, na pengo lilikuwa kwenye moyo. Kwa hiyo sehemu ya chini ilikuwa salama. Ugonjwa ulikuwa katika sehemu ya kati, ingawa kwa macho weupe ulionekana uko "chini".

Hatua ya 5: Rudi kwa mgonjwa

Sehemu ya kati ya pafu iko mbele. Haifiki mgongoni. Aliponiuliza asubuhi niliweka stetoskopu wapi, nilielewa kabla sijajibu.

Tulikwenda wodini pamoja. Kwanza alinitaka nitazame mfupa wa kifua, kwa sababu kifua kilichobonyea katikati husukuma moyo na kufifisha ukingo huo huo bila nimonia yoyote. Kilikuwa sawa. Kisha nikasikiliza chini ya titi la kulia na kuelekea kwapani. Kila alipovuta pumzi nilisikia mlio mwembamba, kama nywele zikisuguliwa kati ya vidole karibu na sikio. Picha ya ubavuni iliyopigwa baadaye ilionyesha kabari nyeupe juu ya kivuli cha moyo.

Hatua ya 6: Andika, na upange kurudia

Niliandika: picha ni PA, ubora wake unatosha, kuna weupe unaofuta ukingo wa kulia wa moyo huku kiwambo kikionekana, yaelekea ni nimonia ya sehemu ya kati ya pafu la kulia. Kisha akanitaka niongeze sentensi moja: eksirei irudiwe baada ya wiki sita. Kwa mvutaji sigara aliyevuka miaka 50, uvimbe unaweza kuziba njia ya hewa ya sehemu hiyo na nimonia ikatokea nyuma yake. Dawa zikipunguza homa, uvimbe hubaki, na weupe usioondoka ndio dalili ya kuutafuta.

Mgonjwa alirudi wiki ya sita. Nilibandika plastiki, nikashika kalamu, nikashuka na ukingo wa kulia wa moyo kutoka juu hadi kwenye kiwambo. Wino haukukatika.