Kabla ya kuzima bodi kuu ya umeme hospitalini

Mafundi wengi wakipanga kuzima bodi kuu huanza na swichi ya umeme wa TANESCO. Mimi huanza na jenereta, maana ndiyo inayoweza kuua. Jenereta ya hospitali imefungwa ijiwashe yenyewe umeme ukikatika, na haijui kwamba safari hii umekatwa kwa makusudi. Ukishusha swichi kuu bila kuifunga kwanza, itanguruma baada ya sekunde chache na kurudisha umeme kwenye bodi ile ile ambayo mwenzako ameshaifungua.

Kwa hiyo, siku kadhaa kabla, fuata nyaya kwa macho na mikono, usitegemee mchoro wa zamani. Tafuta kila kinachoweza kuingiza umeme: jenereta, inveta za sola, betri za akiba za maabara na chumba cha upasuaji. Kila kimoja kiwe na mahali pa kukizima na pa kuweka kufuli. Jenereta hutolewa kwenye hali ya kujiwasha, breka yake hufungwa kwa kufuli, na waya wa betri ya kuwashia huchomolewa. Kila fundi aweke kufuli lake na akae na ufunguo wake mfukoni.

Wodi zisizoweza kukaa gizani, kama upasuaji, wagonjwa mahututi na chumba cha watoto njiti, hulishwa na jenereta ya kukodi. Iunganishwe moja kwa moja kwenye bodi ndogo za wodi hizo, na kebo inayotoka bodi kuu itenganishwe pale pale kwenye bodi ndogo. Usipofanya hivyo, jenereta ya kukodi itarudisha umeme bodi kuu kwa mlango wa nyuma. Ijaribiwe na mzigo halisi siku moja kabla. Muuguzi mkuu athibitishe kwamba mitungi ya oksijeni ipo kando ya kila mgonjwa anayetumia mashine ya kuzalisha oksijeni, na mtu mmoja apewe kazi ya kusoma vipimajoto vya friji za chanjo, ambazo lazima zibaki kati ya nyuzi 2 na 8.

Umeme ukishazimwa, usiamini swichi. Jaribu testa yako kwenye umeme unaojua upo, pima bodi, kisha urudi kuijaribu tena pale pale, kwani testa inaweza kufa katikati ya kazi na kukuambia bodi ni salama. Pima fesi kwa fesi, fesi kwa nyutro, fesi kwa ethi, na nyutro kwa ethi: vipimo 10 kwa jumla. Kama kuna kapasita, zipe muda wa kuisha chaji kama kibandiko chake kinavyosema, nazo zipimwe pia.

Kupima insulesheni kwa mega ya volti 500 ndiko kunakoleta hatari inayochelewa kuonekana. Lazima kwanza utoe vifaa vya kukinga radi na mita za kielektroniki, la sivyo utasoma namba ya chini isiyo ya kweli au utaviunguza. Niliwahi kuona megaomu 0.2 kwenye fesi moja, chini ya kiwango cha megaomu 1, na tukaanza kulaumu kebo. Kumbe kinga moja ya radi ilisahaulika. Ilipotolewa, namba ilipanda hadi 180.

Lakini pia huwa unafungua kiungo cha nyutro, na hicho ndicho nakusihi usikisahau. Chukua birika la wati 2,300 kwenye fesi moja na mashine ya maabara ya wati 230 kwenye fesi nyingine. Nyutro isiporudishwa, viwili hivyo hujikuta vimeungana mfululizo katikati ya volti 400. Birika litapata volti kama 36, na mashine iliyotengenezwa kwa volti 230 itapata karibu 364. Itaungua kabla hujafika kwenye swichi. Ndiyo maana kila kilichotolewa huandikwa kwenye karatasi, na hukaguliwa na mtu mwingine, si yule aliyekitoa.

Wakati wa kurudisha, breka zote za kutokea ziwe chini. Pandisha swichi kuu, pima volti, kagua mzunguko wa fesi na ulinganishe na ule uliouandika kabla ya kuzima, kwani ukigeuka pampu za maji zitazunguka kinyume. Kisha pandisha breka moja moja, huku mtu wa wodi akijibu kwa simu. Jenereta ya kukodi izimwe na kutenganishwa kabla kebo ya bodi kuu haijarudishwa kwenye bodi ndogo. Mwisho, rudisha jenereta ya hospitali kwenye hali ya kujiwasha, ukate umeme kwa makusudi, na usikie ikiwaka yenyewe kabla ya kukusanya vifaa vyako.